Thao Tatu Iliyoingia Ikiwa 2,400

Kila nikipost kitu kuhusu apu za mkopo, komenti ya kwanza huwa ni ile ile: "Si ulikopa? Lipa, wacha kelele." Na inapata laiki kama mia tatu. Leo naijibu hiyo komenti, kwa sababu imewasaidia wenye hizi apu kuliko tangazo lolote ambalo wamewahi kulipia.

Nilichofanya ni hiki. Kuna apu moja ambayo imejaa mtaani kwetu. Kuanzia Kayole Junction hadi Mutindwa, ukiuliza watu kumi wa rika letu utapata wawili watatu wako nayo kwa simu. Niliichukua, nikakopa kwa makusudi, nikahifadhi kila skrini na kila meseji, kisha nikachelewa kulipa siku tatu, pia kwa makusudi, pesa ya kulipa ikiwa imekaa kando. Jina lake silitaji. Msinitumie DM. Nikitaja moja, mtaifuta mhamie nyingine yenye rangi tofauti na mkataba ule ule, na mimi nataka mjue kuisoma hiyo mingine pia.

Tuanze na bei.

Skrini ya kwanza iliniambia nimekubaliwa 3,000. Chini yake, kwa maandishi madogo ya kijivu, kulikuwa na "Interest 0.1% per day". Asilimia 0.1 kwa siku, kwa siku saba, juu ya thao tatu. Hiyo ni shilingi 21. Hata bei ya smokie inaishinda. Mtu yeyote akiona hivyo anabonyeza, na hakuna wa kumlaumu.

Kisha meseji ya M-PESA ikaingia: 2,400.

Hiyo 600 imeenda wapi? Inaitwa "Service fee", na imeunganishwa na ile riba ya 21. Yaani 579 ni ada na 21 ni riba. Wanakukata kabla hujaziona hizo pesa, halafu siku ya saba wanataka 3,000 kamili. Kwa karatasi wanasema riba yao ni ndogo sana, na kwa karatasi hawadanganyi. Ujanja wote uko kwa kubadilisha jina: gharama ile ile ya kukopa, ikiitwa riba inaonekana kubwa, ikiitwa ada hakuna anayeijumlisha.

Sasa fuata hesabu polepole. Mimi niliacha kampasi mwaka wa pili, lakini asilimia ni za darasa la saba. Ukipiga 600 kwa 3,000 unapata asilimia 20, na hiyo ndiyo namba ambayo watu wao wa huduma walinipa nilipouliza. Lakini mimi sikupokea 3,000. Nilipokea 2,400. Bei ya pesa hupimwa kwa pesa iliyoingia mkononi mwako, na 600 juu ya 2,400 ni asilimia 25. Kwa wiki moja. Mwaka una wiki 52, kwa hivyo hata bila kurundika riba juu ya riba, hiyo ni asilimia 1,300 kwa mwaka.

Kuna wale watasema kulinganisha wiki na mwaka si haki. Sawa, tulinganishe wiki kwa wiki. M-Shwari, ambayo iko tangu 2012, inatoza asilimia 7.5 kwa mwezi, kando na ushuru. Kwa 2,400 hiyo ni shilingi 180 kwa siku 30 nzima. Hustler Fund, iliyoanza Novemba 2022, ni asilimia 8 kwa mwaka, kwa hivyo 2,400 ya wiki moja inakaribia shilingi 4. Na usinielewe vibaya, sipigii serikali debe. Hustler Fund wengi wetu ilitupa limiti ya soo tano na ikakaa hapo hapo. Ndiyo maana watu wanaishia kwa hizi zingine. Lakini shilingi 4, shilingi 180 kwa mwezi, na shilingi 600 kwa wiki ni bei tatu ambazo mtu angetaka kuziona zikiwa zimekaa kando kando kabla hajabonyeza.

Mimi sina shida na bei ya juu peke yake. Anayemkopesha mtu asiye na pesilipi, asiye na dhamana, kwa dakika mbili, anajua kuna wasee watavunja laini wapotee. Hasara hiyo lazima iingie kwa bei. Nyanya za rejareja pale Mutindwa si bei ya Marikiti, na hakuna anayelia. Tofauti ni kwamba mama wa nyanya anakuambia bei kabla ya kupima. Hajifanyi nyanya ni ya bob mbili halafu akukate 58 za "ada ya kiroba".

Na hii si mambo ya hisani. Kanuni za Benki Kuu za watoa mikopo ya kidijitali zilichapishwa Machi 2022, baada ya sheria ya Benki Kuu kurekebishwa Desemba 2021. Zinataka mkopeshaji akuonyeshe masharti kabla hujachukua: riba, ada zote, utalipa nini na lini. Apu yangu ilifanya hivyo? Ilifanya, kama unahesabu kurasa za Kiingereza cha mawakili ambazo zinafunguka ukibonyeza maandishi madogo yenye mstari chini. Adhabu ya kuchelewa niliipata karibu na mwisho wa hizo kurasa: asilimia 2 ya deni kila siku. Kwa skrini ya kukopa haikuwepo popote. Tarehe ya kulipa pia ilitokea baada ya pesa kuingia. Kabla ya hapo kulikuwa na picha ya dada anacheka na maneno "hadi siku 91".

Hiyo "hadi siku 91" ina historia yake, na inafaa muijue. Mwaka 2019 Google ilikataza kwa Play Store apu za mkopo zinazotaka ulipe deni lote ndani ya siku 60 au chini. Januari 2020 kampuni ya utafiti ya Marekani inayoitwa Hindenburg ilitoa ripoti kuhusu Opera, wale wa brauza, ambao wakati huo walikuwa nyuma ya OKash na OPesa hapa Kenya. Ripoti ilidai kuwa apu hizo zilijieleza kwa Play Store kana kwamba mikopo ni ya siku 91 hadi 365, na kumbe mkopaji alikuwa anapewa siku 15 hadi 29. Opera ilisema ripoti ina makosa. Na tuseme ukweli wote: Hindenburg walikuwa wamecheza dau ili wapate pesa bei ya hisa za Opera ikishuka, kwa hivyo hawakuwa malaika. Lakini mimi sihitaji kumwamini Hindenburg. Nina skrinshoti yangu, na imeandikwa hadi siku 91, na karibu nayo nina tarehe yangu ya kulipa, na kati ya siku niliyokopa na hiyo tarehe kuna siku saba.

Kabla tufike kwa simu, kuna kitufe kimoja ambacho kinanikera kuliko hata matusi. Kinaitwa "Extend". Siku ya sita kilijitokeza kwa apu, kizuri, cha kijani: huna pesa yote? Lipa 600 uongezewe siku saba.

Nitakupa mfano wa mtu, ndiyo uone kinavyofanya kazi. Jamaa wa nduthi pale Umoja, pikipiki imekatika cheni na taya limeisha. Anachukua ile ile 3,000, anapokea 2,400, anatengeneza. Wiki ikiisha ana 700 pekee mfukoni, kwa sababu mvua ilinyesha siku tatu na watu wakapanda matatu. Anabonyeza "Extend", analipa 600. Wiki ya pili mtoto ana homa. Anabonyeza tena, 600. Wiki ya tatu tena, 600. Wiki ya nne anajikaza anamaliza deni: 3,000. Jumla ametoa 4,800 kwa pesa iliyoingia ikiwa 2,400, ndani ya siku 28. Amelipa mara mbili kamili. Na katika hizo 1,800 za kusongeza siku, hakuna hata bob moja iliyopunguza deni. Deni lilikuwa 3,000 siku ya kwanza na lilikuwa 3,000 siku ya 28.

Kanuni zina kinga fulani hapa. Zinasema mkopo ukishaharibika, riba ambayo mkopeshaji anaweza kukudai tangu hapo haiwezi kupita kiasi cha deni ulichobakisha siku ulipoharibika. Ni kinga nzuri, na watu wachache wanajua iko. Lakini isome tena. Inaanza kuhesabu mkopo ukishaharibika. Jamaa wetu wa nduthi mkopo wake haujawahi kuharibika. Kila wiki alilipa, kila wiki ulionekana mzima, kwa hivyo kinga haikuwahi kuamka. Yeye ndiye mteja mzuri kabisa kwao, mwaminifu, analipa kila Jumatatu, na ndiye aliyeumia zaidi. Wewe unayeandika "si ulipe", huyu alilipa. Alilipa mara nne.

Haya, vikumbusho.

Kikumbusho kizuri kina vitu vinne: jina la kampuni, kiasi, tarehe, na namba ya Paybill. Siku ya tano nilipata meseji kama hiyo, ya heshima kabisa, nikasema labda nitaandika rivyu tamu. Siku ya sita zikawa tatu. Siku ya saba, saa kumi na mbili na dakika hamsini na mbili asubuhi, simu ya kwanza. Nilikuwa bado kitandani. Kijana wa rika letu, sauti ya mtaa kabisa, unaweza kudhani mnapanda naye gari pale Donholm. Akaniambia nilipe kabla ya saa nne asubuhi kwa sababu "mfumo unafunga."

Mfumo gani? Mkataba wangu uliandika tarehe. Tarehe inaisha saa sita usiku. Saa nne ni yake, si ya mkataba. Wengi wanaofanya hiyo kazi hulipwa kulingana na wanachokusanya, kwa hivyo kila mmoja anataka deni lako lilipwe mikononi mwake kabla apewe mwingine. Ukilijua hilo hutatetemeka. Unamuuliza tu: jina la kampuni yako ni gani, na hiyo saa nne iko kifungu gani? Wangu alikata simu. Kufikia jioni nilikuwa nimepigiwa na namba tano tofauti, zote za watu binafsi, hakuna laini hata moja ya kampuni. Mmoja akasema nimtumie kwa namba yake "ndiyo aniharakishie". Hapo usiwahi kutuma. Pesa iliyoenda kwa namba ya mtu haijalipa deni lako popote, inalipwa kwa Paybill ile iliyo ndani ya apu au hailipwi.

Siku ya nane nikawa rasmi nimechelewa, na apu ikabadilika.

Meseji ya kwanza ilisema jina langu limepelekwa CRB. Siku moja baada ya tarehe! Kanuni za 2022 zinasema taarifa mbaya haipelekwi kama deni halijazidi shilingi 1,000, na kabla ya kukupeleka lazima wakupe notisi, siku 30. Mimi deni langu lilikuwa zaidi ya elfu, kwa hivyo notisi ndiyo ilinihusu. Lakini mnanitumia skrinshoti za watu wanaotishwa na CRB kwa deni la 650. Hiyo ni uongo mtupu, na unafanya kazi kwa sababu kila mmoja wetu anajua mtu aliyekosa kazi juu ya cheti cha CRB. Ukitaka kuhakikisha, usimwulize anayekudai. CRB zenye leseni ni tatu, TransUnion, Metropol na Creditinfo, na una haki ya ripoti yako bila malipo mara moja kwa mwaka kutoka kwa kila moja. Niliangalia. Sikuwa nimepelekwa mahali.

Meseji ya pili ilikwenda kwa beshte yangu niliyemweka kama mtu wa kuthibitisha. Huyo nilimwomba ruhusa kabla, alijua ni majaribio, tukacheka. Meseji ilimwambia yeye ni "mdhamini" na atalipa yeye. Hakuwahi kutia sahihi udhamini wowote. Kuthibitisha kwamba unamjua mtu na kudhamini deni lake ni vitu viwili, na apu inavichanganya makusudi.

Siku ya tisa ndiyo iliniondolea kicheko. Mama anayeniuzia mboga pale karibu na ploti yetu aliniita. Mtu alimpigia akamwambia mimi ni mwizi, ninatafutwa, na yeye kama "jamaa wangu wa karibu" anilete. Huyu mama ana umri wa mathe yangu. Ananipa sukuma kwa deni nikikwama na hajawahi kuniita jina baya. Alinong'oneza, wateja wengine wasisikie, kama vile yeye ndiye aliyefanya kosa.

Sasa hapa sikiza vizuri, kwa sababu hapa ndipo nilijifunza kitu. Nilipoweka ile apu nilikataa isiguse majina yaliyo kwa simu yangu. Ile ruhusa ya `READ_CONTACTS`, nilibonyeza hapana. Na namba ya mama mboga sijawahi hata kuiseva, iko kichwani. Kwa hivyo waliipata wapi?

Kuna ruhusa nyingine niliyokubali, kwa sababu bila hiyo apu haikuendelea: kusoma meseji, `READ_SMS`. Wanasema ni ya kupima uwezo wako wa kulipa, na kweli apu nyingi husoma meseji za M-PESA kuona pesa inaingia kiasi gani na inatoka vipi. Lakini fungua meseji yako yoyote ya zamani ya kumtumia mtu pesa. Ina nini? Kiasi, tarehe, majina ya mtu, na namba yake ya simu. Kila mtu uliyewahi kumtumia yuko hapo, jina rasmi kama lilivyo kwa kitambulisho. Na ukihesabu nani unamtumia mara nyingi, unajua nani yuko karibu na maisha yako: mathe, keja, dame, mama mboga. Mimi humtumia yule mama kwa namba yake karibu kila jioni. Mtu wa mbali angeona hivyo angesema kweli huyu ni jamaa wa karibu.

Google ilifunga mlango wa majina mwaka 2023, ikakataza apu za mikopo ya kibinafsi kusoma kontakti na picha. Mwaka huo huo ikaanza kudai apu za mkopo za Kenya zionyeshe leseni ya Benki Kuu au zionyeshe kwamba zimeomba. Poa. Ila mlango wa majina ukifungwa na dirisha la meseji likibaki wazi, mwizi si atapita dirishani? Na zile apu zinazokuja kwa linki ya SMS, nje kabisa ya Play Store, hizo hazijali mlango wala dirisha.

Nenda sasa hivi kwa "Settings", kisha "Apps", chagua hiyo apu, fungua "Permissions", uone SMS iko wapi. Ukiizima baada ya kukopa, jua walichosoma tayari wameshasoma. Kwa hivyo bora kuamua kabla. Apu ikikuambia bila meseji zako hakuna mkopo, hiyo ni sehemu ya bei, na wanaolipa hiyo sehemu ni watu ambao hawakukopa.

Sheria iko upande wa mama mboga, kabisa. Kanuni za 2022 zinamkataza mkopeshaji kutisha, kutukana, kuwapigia watu walio kwa simu yako bila ruhusa, kuingia kwa orodha ya majina yako ili awatumie meseji ukichelewa, na kukuanika mtandaoni. Na si maneno matupu. Aprili 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliipiga Whitepath faini ya shilingi milioni 5. Hao ndio walikuwa na Instarcash na Zuricash, na kosa lilikuwa kuchukua namba za watu kwa simu za wakopaji na kuwasumbua. Septemba mwaka huo huo Mulla Pride, wenye KeCredit na Faircash, wakapigwa 2,975,000 kwa meseji na simu za vitisho kwa watu ambao namba zao zilitoka kwa wengine.

Umeona hayo majina? Kampuni ina jina moja, apu ina lingine, na mara nyingi apu ni mbili. Ndiyo maana ukitafuta jina la apu kwa orodha ya leseni ya Benki Kuu unaweza kukosa, na ukakuta kampuni yenyewe iko. Au ukute haiko. Fungua masharti, tafuta jina la kampuni linaloishia na Limited, ndilo ulitafute. Septemba 2022 Benki Kuu ilipotoa leseni za kwanza, zilikuwa 10 pekee kati ya maombi 288. Leo wamepita mia. Leseni haimaanishi watu wapole, lakini inamaanisha kuna mahali pa kuwashtaki na kuna kitu wanachoweza kupoteza. Apu isiyo na jina la kampuni mahali popote, hata ikikupa limiti ya thao kumi, iache.

Nilipomaliza siku tatu nililipa 3,180. Ile 3,000 na adhabu ya 60 kwa siku mara tatu. Kwa 2,400 ya siku kumi, hiyo ni 780. Dakika ishirini baada ya kulipa apu ikaniandikia: hongera, limiti yako sasa ni 5,000. Mtu aliyeitwa mwizi juzi.

Kwa hivyo turudi kwa komenti yenu. "Ulikopa, lipa." Nimelipa, na adhabu juu. Deni lilikuwa kati yangu na kampuni, na adhabu ya kuchelewa ndiyo malipo ya kuchelewa, imeandikwa kwa mkataba wao wenyewe. Hakuna kifungu kinachosema nikichelewa siku mbili, mwanamke anayeuza sukuma atatukaniwa kwa simu mbele ya wateja wake. Ukisema "lipa tu uepuke aibu" umekubali kwamba aibu ni riba halali.

Malalamiko nimeyaandika kwa ofisi ya data, kwa fomu iliyo kwa tovuti yao, odpc.go.ke. Ni bure. Sheria inawapa siku 90 za kuchunguza na kumaliza. Niliweka skrinshoti za simu zenye namba, tarehe na saa, meseji zote, mkataba, meseji ya M-PESA ya kuingia na ya kulipa. Kisha nikakaa na mama mboga tukaandika yake, kivyake, kwa sababu namba iliyotumika ni yake na aliyesumbuliwa ni yeye. Watu hudhani anayelalamika lazima awe mkopaji. Hapana. Kama umewahi kupigiwa simu juu ya deni la binamu, la jirani, la eksi wako, wewe mwenyewe una kesi, na hujakopa hata ndururu. Usimtukane aliyekupigia. Mwache aongee, uliza kampuni, andika saa.

Na kwa wasee wenzangu wa kontenti. Najua hizi kampuni zinalipa, zimenifuata mimi pia, na ofa ilikuwa kodi yangu ya miezi miwili. Mkichukua, chukueni. Lakini kwa hiyo video yako ya "nimepata doo kwa dakika mbili", onyesha skrini mbili pamoja: ile ya apu yenye kiasi walichokubali, na meseji ya M-PESA ya kiasi kilichoingia. Niliwaandikia waliotaka kunilipa nikawaambia nitapost kwa masharti hayo. Hadi leo wamenyamaza.